Ripoti ya kurasa 14 iliyofika kwenye Word ikiwa na kurasa 16

*Swali: Naandika kwa LibreOffice Writer na faili zangu zote ni .odt. Msimamizi wangu anatumia Word, hivyo nilihifadhi ripoti kama .docx nikamtumia. Kwangu ina kurasa 14, na hata nikiifungua hiyo .docx bado ni 14, kila kitu kiko mahali pake. Kwake imekuwa kurasa 16, jedwali limekatika katikati na picha moja imerukia ukurasa mwingine. Tatizo liko wapi, na nitajuaje kabla ya kutuma?*

Ndugu yangu, kwanza achana na kipimo unachokitumia sasa. Ukiifungua .docx kwenye Writer ileile iliyoitengeneza, unaona tu jinsi Writer inavyoisoma kazi yake yenyewe, kwa fonti zilizomo kwenye kompyuta yako. Hilo halikuambii lolote kuhusu Word. Nimeona watu makini kabisa wakikagua hivyo mara tatu, wakatuma kwa imani, na waraka ukafika umevurugika.

Sababu yake ni hii: ndani ya faili hamna kurasa. Faili ya .odt ni kifurushi cha zip chenye `content.xml` na `styles.xml`, ya .docx nayo ni zip yenye `word/document.xml` na `word/styles.xml`. Humo mna maneno yako, majina ya fonti, ukubwa wa herufi, upana wa pambizo na nafasi kati ya aya. Lakini mstari ukatikie neno gani, au ukurasa uishie aya gani, hayo hayamo kama amri, ila pale tu ulipoweka mkato wa ukurasa mwenyewe. Kila programu hukokotoa upya kila inapofungua faili. Miundo yote miwili ni viwango vya kimataifa, ISO/IEC 26300 ya mwaka 2006 kwa .odt na ISO/IEC 29500 ya mwaka 2008 kwa .docx, lakini viwango hivyo havizilazimishi programu mbili zikate mistari mahali pamoja. Kwa hiyo kuhama kidogo ni jambo la kutarajia. Kazi yetu ni kuligundua mapema na kulizuia lisifike mahali linapoumiza.

Njia ninayoiamini ni kutengeneza PDF mbili. Ya kwanza, iite `kabla.pdf`, itoe kwenye Writer kutoka kwenye .odt yako ya asili. Ya pili, `baada.pdf`, lazima itolewe na Word yenyewe, baada ya kufungua .docx uliyoihifadhi. Kama huna Word, mwombe msimamizi wako aifungue na kuihifadhi kama PDF kisha akurudishie. Ni kazi ya dakika moja. Word ya kwenye kivinjari nayo inafaa kwa ukaguzi wa awali, ila fonti zake si lazima ziwe zilezile zilizo kwenye kompyuta yake, na utaona hapa chini kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Sasa, ukishakuwa na PDF hizo mbili, usikimbilie ukurasa wa 9 wenye jedwali lililokatika. Huko ni mwisho wa safari ya kosa lililoanza mbali. Anza ukurasa wa 1 na ushuke ukitafuta mahali pa kwanza kabisa pasipolingana. Kila kitu kilicho chini ya hapo kinaweza kuwa kimesukumwa tu, na ukianza kukirekebisha unatibu kivuli. Nimewahi kumkuta mtu amepunguza jedwali, amebana picha na kuongeza mikato ya kurasa kwa nguvu, kumbe kosa lilikuwa aya moja ya ukurasa wa 2. Aya hiyo iliporekebishwa, marekebisho yake yote yakageuka makosa mapya.

Kwa macho, angalia neno la mwisho la kila ukurasa katika PDF zote mbili. Ukurasa wa kwanza ambao maneno hayo yanatofautiana ndio wa kuchunguza mstari kwa mstari. Kama unaweza kutumia amri na umeweka zana za poppler, kompyuta itakufanyia haraka zaidi:

```
pdftotext -nopgbrk kabla.pdf kabla.txt
pdftotext -nopgbrk baada.pdf baada.txt
diff kabla.txt baada.txt | head -n 20
```

`pdftotext` hutoa maandishi yakiwa yamekatwa mstari kwa mstari kama yalivyo kwenye ukurasa, na `-nopgbrk` huondoa alama ya siri ya mwisho wa ukurasa ili isikuchanganye. Mistari inayoanza na `<` ni ya kabla, inayoanza na `>` ni ya baada. Usishtuke ukiona namba za kurasa na maneno ya kijachini yakijitokeza kwenye tofauti. Hizo zimehama pamoja na kurasa. Tafuta tofauti ya kwanza iliyo ndani ya aya. Kama maneno ya mistari yanalingana na zilizohama ni namba za kurasa tu, basi anzia namba ya kwanza iliyohama: hapo ndipo ukurasa umeishia mahali pengine.

Hapo jiulize swali moja tu: je, mistari yenyewe inakatikia maneno tofauti, au mistari ni ileile ila ukurasa umeisha mapema? Jibu linagawa makosa yote katika makundi mawili. Mstari ukikatikia neno jingine, kosa ni la upana: fonti, pambizo, ukubwa wa karatasi, au ukataji wa maneno kwa kistari. Mistari ikiwa sawasawa lakini ukurasa ukachukua mistari michache zaidi au pungufu, kosa ni la urefu: nafasi kati ya mistari, nafasi kati ya aya, picha, safumlalo za jedwali, au kijajuu kilichonenepa.

Nikueleze kazi moja niliyoifanya, kwa sababu inafanana sana na yako. Ulikuwa mwongozo wa kutumia mashine, kurasa 22 kwenye Writer, ukafika kurasa 25 kwenye Word ya mteja.

Tofauti ya kwanza ilikuwa ukurasa wa 2, mstari wa tano wa aya ya kwanza. Katika kabla, mstari uliishia na maneno "kabla ya kuwasha". Katika baada uliishia "kabla ya", na "kuwasha" likashuka chini. Basi kosa lilikuwa la upana. Niliangalia fonti zilizotumika kweli katika kila PDF:

```
pdffonts kabla.pdf
pdffonts baada.pdf
```

Ya kabla ilionyesha Carlito. Katika ya baada, Carlito haikuwepo kabisa. Kompyuta ya mteja haikuwa na fonti hiyo, na Word, bila kumuuliza mtu, iliweka nyingine iliyo pana zaidi. Neno moja kushuka si kitu, lakini aya yenye mistari minane ikipata wa tisa, na aya za namna hiyo zikiwa themanini, hapo ndipo kurasa zinapozaliana.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Carlito imechorwa ili kila herufi yake iwe na upana sawa na herufi ya Calibri. Caladea ni hivyo hivyo kwa Cambria, Liberation Serif kwa Times New Roman, Liberation Sans kwa Arial, na Liberation Mono kwa Courier New. Sura za herufi zinaweza kutofautiana kidogo, lakini mstari uliopangwa kwa moja unatosha kwenye nafasi ya mwenzake. Kwa hiyo dawa haikuwa kumwomba mteja aweke fonti mpya. Nilifungua .odt, nikaenda kwenye mitindo ya aya, na mahali pa jina la fonti nikaandika kwa mkono `Calibri`, ingawa kompyuta yangu haikuwa nayo. Writer ilionyesha jina hilo kwa herufi za mlazo, ambayo ndiyo ishara yake kwamba fonti haipo, na kwenye skrini ikaendelea kutumia Carlito. Lakini ndani ya faili jina lililoandikwa sasa ni Calibri, na Word ya mteja inayo. Mimi naona Carlito, yeye anaona Calibri, na upana ni mmoja.

Hila hiyo ina mpaka wake. Kuanzia mwaka 2023 Microsoft ilianza kuhamisha fonti ya msingi ya Word kutoka Calibri kwenda Aptos, na Aptos haina pacha katika orodha niliyotaja. Msimamizi wako akianzisha waraka mpya na kukutumia, huenda ukahama kwako hata kama hujagusa herufi. Katika hali hiyo kubalianeni fonti tangu mwanzo, Calibri au Times New Roman, au mwambie akapachike fonti ndani ya faili: `File > Options > Save > Embed fonts in the file`. Writer nayo ina chaguo hilo kwenye `File > Properties > Font`. Kupachika huongeza uzito wa faili, na baadhi ya fonti leseni yake hairuhusu kupachikwa, kwa hiyo mimi hulitumia pale tu ambapo fonti ya kawaida haifai.

Turudi kwenye mwongozo. Baada ya kubadili jina la fonti nilihifadhi .docx upya na kuomba PDF nyingine ya Word. Zilikuwa kurasa 23. Niliendesha `diff` tena, na safari hii maneno ya mistari yalilingana hadi ukurasa wa 6, ambao katika baada uliishia mistari miwili juu zaidi. Mistari sawa, ukurasa mfupi: kosa la urefu.

Kosa la urefu ni gumu zaidi kuliona kwa sababu hujilimbikiza kimyakimya. Fikiria karatasi ya A4 yenye urefu wa milimita 297, na pambizo za milimita 25 juu na chini. Zinabaki milimita 247 za maandishi, yaani karibu pointi 700. Ukurasa ukibeba mistari 40, kila mmoja una pointi 17.5. Programu ya pili ikiongeza nusu pointi tu kwa kila mstari, nafasi inayozidi ni pointi 20 kwa ukurasa, na tayari mistari miwili imefukuzwa. Nusu pointi haionekani kwa jicho. Ndiyo sababu, kwa waraka ambao lazima ulingane, napenda kuweka nafasi ya mistari kwa kipimo kamili badala ya uwiano: kwenye Writer ni `Fixed`, kwenye Word inasomeka `Exactly`. Ila uwe mwangalifu, kwani kipimo kamili hukata juu au chini ya picha iliyowekwa ndani ya mstari na fomula ndefu. Aya zenye vitu hivyo zipe mtindo wake wenye nafasi ya kawaida.

Katika mwongozo ule, hata hivyo, mistari haikuwa na hatia. Juu ya ukurasa wa 6 palikuwa na picha iliyofungwa nanga kwenye aya, na maandishi yakiizunguka. Word iliipandisha na kuishusha kwa namna yake, ikaacha pengo. Nanga ndiyo kitu cha kwanza cha kukagua picha inapohama. Writer ina nanga nne: `To Page`, `To Paragraph`, `To Character` na `As Character`. Ya ukurasa haina mwenzake wa moja kwa moja kwenye Word, kwa hiyo usiitumie katika waraka utakaosafiri. Ya mwisho huifanya picha iwe kama herufi kubwa ndani ya mstari, na Word inaielewa kama `In Line with Text`. Hiyo ndiyo inayosafiri salama. Niliipa picha aya yake, nikabadili nanga kuwa `As Character`, nikaacha maandishi yasiizunguke. Muonekano ulipoteza urembo kidogo, nami sikuujutia. Picha yako iliyoruka nadhani ina ugonjwa huohuo. Bofya picha, soma nanga yake kabla ya kugusa kingine.

PDF ya tatu ilirudi na kurasa 22, idadi ileile. Hapa ndipo wengi hufurahi na kutuma. Lakini idadi sawa haimaanishi mpangilio sawa, na `diff` ilionyesha tofauti ukurasa wa 16: kichwa cha sura kilichopaswa kuanza ukurasa wa 17 kilikuwa kimening'inia chini ya wa 16. Nilibonyeza `Ctrl+F10` kwenye Writer ili alama zilizofichwa zionekane (kwenye Word ni `Ctrl+Shift+8`), na hapo nikaziona aya tisa tupu zimepangwa kama ngazi. Mwandishi alikuwa amebonyeza Enter mpaka kichwa kikafika ukurasa mwingine. Kwake zilitosha tisa. Kwenye Word zilihitajika kumi. Nilizifuta zote, nikaenda kwenye mtindo wa `Heading 1`, kichupo cha `Text Flow`, nikaweka mkato wa ukurasa kabla ya aya. Amri hiyo inahifadhiwa ndani ya faili na programu zote mbili huitii. Kwa mantiki hiyohiyo, popote ulipopanga maneno kwa kugonga nafasi nyinginyingi, weka tabo yenye kipimo au jedwali lisilo na mistari, kwa sababu upana wa nafasi moja hubadilika pamoja na fonti.

Jedwali lako lililokatika huenda likapona lenyewe ukishaondoa kosa la kwanza, ndiyo maana sikuanza nalo. Likibaki, tazama limekatika vipi. Kama safumlalo moja imegawanyika, nusu huku na nusu kule, fungua `Table Properties`, kichupo cha `Text Flow`, uondoe alama kwenye `Allow row to break across pages and columns`, na wakati upo hapo weka `Repeat heading` ili kichwa cha jedwali kijirudie ukurasa unaofuata. Kama safuwima zimebadilika upana, chanzo mara nyingi ni jedwali lililoachwa lijipime kwa maneno yaliyomo. Lipe upana wa sentimita usiozidi eneo la maandishi. Na ukiona ukingo wa kushoto umesogea kama milimita mbili, usihangaike. Matoleo tofauti ya Word yenyewe hayakubaliani kama pambizo ilingane na mstari wa jedwali au na maandishi yaliyo ndani ya seli.

Kuna swali hukuuliza lakini litakujia: kwa nini usimtumie .odt moja kwa moja, Word iifungue yenyewe? Inawezekana, Word imekuwa ikisoma .odt tangu kiraka cha pili cha Office 2007 kilichotoka mwaka 2009. Kwa uzoefu wangu matokeo ni bora Writer ikifanya ubadilishaji, na kuna sababu nyingine ya kivitendo: mtu wa Word akifungua .odt kisha akabonyeza kuhifadhi, vitu ambavyo Word haiwezi kuviandika katika .odt hupotea au hugeuzwa, na onyo linalotokea watu wengi hulipita bila kulisoma. Mpe .docx.

Lakini .odt yako ibaki kuwa faili mama. Akirudisha .docx yenye marekebisho, usiigeuze kuwa .odt na kuendelea nayo, kisha uigeuze tena. Mitindo ya kurasa ya Writer na sehemu za Word ni dhana mbili tofauti, na kila safari huacha mabaki. Fungua orodha ya mitindo ya kurasa ya waraka uliokwenda na kurudi, utakuta majina kama `Converted1` ambayo hukuyaunda wewe. Mabaki hayo hushika vijajuu na namba za kurasa, na yakishakuwa matano au sita hakuna anayejua tena lipi linatawala ukurasa upi. Mimi hufungua .docx iliyorudi upande mmoja, .odt mama upande wa pili, na kuyahamisha marekebisho kama maandishi tu kwa `Ctrl+Alt+Shift+V`. Marekebisho yakiwa mengi mno kwa njia hiyo, basi huo ndio wakati wa kuamua kwamba waraka sasa unaishi kama .docx, na pande zote mbili kufanyia kazi .docx hadi mwisho.

Kama msimamizi anasoma tu bila kuhariri, mtumie PDF, na yote haya hayahusiki.

Kwa ripoti yako, fanya hivi. Mwombe PDF ya hizo kurasa zake 16. Iangalie kwa `pdffonts`, au kwenye kisoma PDF ufungue sifa za faili, sehemu ya fonti. Ukikuta jina la fonti yako halipo, badili jina ndani ya mitindo kwenye .odt na uhifadhi .docx upya kabla ya kugusa picha au jedwali. Kisha rudia ulinganisho kuanzia ukurasa wa 1. Orodha ya yaliyomo isasishe mwisho kabisa: kwenye Writer `Tools > Update > Update All`, na kwenye Word bonyeza `Ctrl+A` halafu `F9`, kwa sababu Word ikifungua faili haibadilishi namba za yaliyomo hadi uiambie. Na kabla ya kuzisasisha, zisome kwanza. Yaliyomo yakisema sura ya tatu iko ukurasa wa 9 nawe unaikuta wa 10, umeshajua kosa limo kati ya ukurasa wa 1 na wa 9.